Rangi Kabla ya Uzito

Wanafunzi walimwita Mwalimu Giza: hakuanza onyesho mpaka vichujio viwili vya mwanga, vilivyokingamana, viuzuie mwanga wa taa kabisa. Leo aliweka kati yavyo kipande cha plastiki angavu chenye tundu. Kabla ya kukining'inizia uzito wowote, pete za rangi zikawaka kuzunguka tundu. Wanafunzi wakapiga makofi. Yeye akashtuka: rangi huonyesha mkazo, na uzito ulikuwa bado. Akalegeza skrubu iliyokibana kipande. Rangi zikabaki palepale.

“Umetoboa kwa pupa, mume wangu,” alimwambia fundi wa maabara. “Joto la keekee limefungia mkazo ndani. Tukining'iniza uzito, kitapasuka.”

“Si kuna kinga?” fundi akaonyesha ngao ya plastiki mbele ya wanafunzi.

“Nayo uliitoboaje?”

Mwalimu akaichomoa ngao, akaipitisha kati ya vichujio. Kila tundu likawaka rangi.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.