Ukurasa wa Kwanza wa Daftari la Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mimi nachapa barua na kutoa nakala kibandani jirani na mahakama, kwa hiyo mdomo wake ukitaka karatasi, unakuja kwangu.

Asubuhi moja aliingia na barua ya chuo akaibwaga juu ya kibodi. Alikuwa ameomba kusomea ualimu wa ushonaji, na amekataliwa: hakuonyesha miaka mitatu ya kufundisha wanagenzi. Anaruhusiwa kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne, akiwa na ushahidi mpya. Umri wa mwisho kupokelewa ni miaka arobaini na mitano, na ndiyo aliyokuwa nayo. Ni mwaka huu au basi tena.

"Chapa," akasema. "Kwa Kamati ya Udahili. Nyinyi watu hamna macho."

"Wifi, hii ni rufaa au ugomvi wa bombani?"

"Ni ukweli."

"Hata ukweli huvalishwa nguo. Fundi mzima hulijui hilo?"

Nikafungua fomu yake ya kwanza kwenye kompyuta. Penye uzoefu wa kufundisha pameandikwa: Hakuna. Nani alichapa? Mimi, mbio mbio, huku wateja wamejaa mlangoni.

"Si wewe uliyesema hujawahi kufundisha?"

"Kwani nimewahi? Wale wasichana nawaonyesha tu."

Jamani! Nilitamani kujizaba kofi. Mwaka baada ya mwaka nawaona wasichana wakiingia kwake hawajui kutunga uzi kwenye sindano, wanatoka wanashona suti, nami nikachapa Hakuna.

"Umewaandika popote?"

"Daftarini. Fundi asiyeandika ataishi kwa kuulizia viuno vya watu kila siku?"

Akalileta. Mbele ni vipimo: kifua, kiuno, urefu. Nyuma kila mwanagenzi ana ukurasa wake: tarehe ya kuanza, alichojifunza kila wiki, tarehe ya kumaliza, na sahihi yake. Walipokezana, mmoja mmoja. Nikafurahi mpaka nilipofika ukurasa wa kwanza. Mwanagenzi wa kwanza ni mimi.

"Ameshona mikono yote miwili ya blauzi upande wa kushoto. Nimemwonyesha kwa karatasi, kwa kitambaa, kwa kufumua na kuanza upya. Ana bidii ila macho hayatulii kwenye uzi. Vidole vyepesi sana. Nimemwambia kaka yake ampeleke kwenye kompyuta."

Chini, sahihi yangu. Enzi hizo nilisaini bila kusoma, nikijua nafukuzwa. Miaka yote nimemshukuru kaka kwa wazo lile.

"Huu tuuache," nikasema. "Umechakaa."

"Uache tu," akajibu, akiangalia pembeni.

Nikahesabu miezi ya wale wanne wengine. Thelathini na moja. Nikarudia, ikabaki ileile. Miaka mitatu ni miezi thelathini na sita. Yangu ilikuwa minane. Nikameza aibu, nikaweka ukurasa kwenye mashine ya nakala.

Barua ikatoka hivi: "Naishukuru Kamati kwa kulipitia ombi langu. Katika fomu nilieleza kuwa sina uzoefu wa kufundisha. Kosa hilo si la Kamati. Naambatisha ushahidi ambao haukuwa mbele yenu: nakala za daftari langu la mafunzo, zinazoonyesha miezi thelathini na tisa, na maelezo ya wanagenzi wawili yenye namba zao za simu. Naomba kwa heshima ombi langu litazamwe upya."

"Kosa la nani, basi?" akauliza.

"Letu."

"Letu?"

"Haya, langu!"

Wakili wa jirani alilinganisha nakala na daftari lenyewe, akazigongea muhuri. Tukapeleka chuoni siku ya kumi na moja, karani akatupigia muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Wiki tatu wifi hakunichokoza hata mara moja, nikajua anaogopa.

Halafu akaitwa. Tukaenda wote. Karani akapitisha barua dirishani: rufaa imekubaliwa, jaza fomu ya usajili. Wifi akaisoma kwa sauti mara mbili, kama vile mara ya kwanza alikuwa amemsomea mtu mwingine.

"Ila niambieni," karani akasema, akijizuia kucheka. "Huyo wa mikono miwili ya kushoto aliishia wapi? Kamati nzima ilimuulizia."

Wifi akanishika bega, akanisogeza mbele. "Huyu hapa. Ndiye aliyeandika hiyo rufaa."

"Kumbe alifundishika," karani akasema.

Nilicheka nao. Halafu machozi yakanitoka palepale dirishani, mtu mzima mimi.

"Jifute, utalowesha fomu," wifi akasema, akinipa kalamu. "Na penye uzoefu wa kufundisha, safari hii andika vizuri."