Sukari Guru ya Kaburini

Ukoo wa akina Yabiku una sheria moja kaburini, na haina mjadala: wafu kwanza. Kila majira ya kuchipua wanapanda kilima nyuma ya mashamba ya miwa, wanafagia ua wa kaburi, wanapanga masanduku ya chakula na kuwasha ubani. Hakuna anayetia kitu kinywani mpaka ubani uteketee. Walio chini wakishashiba, walio hai ndio huteremsha sahani na kushambulia.

Masanduku hayo yalikuwa mzigo wa Tsuneko, mke wa mtoto mkubwa. Amekunja mafundo ya mwani, amechemsha nguruwe wa mafuta na kukanda mochi, zile keki laini za mchele, tangu alipoolewa, wala sikumbuki mtu aliyewahi kumwambia ahsante. Mwaka huu mikono yake ilikuwa mizito zaidi, kwa sababu mumewe Seitoku alikuwa ndani ya kaburi, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kula kutoka upande ule.

Kijiji kizima kilijua Seitoku amekufa kwa mdomo wake. Alikuwa na kisukari, alikuwa anajidunga sindano za kushusha sukari, na kwenye harusi ya mpwa wake alikula kama asiyeambiwa kitu na daktari. Dada yake Fumi alimpasha mbele ya meza nzima: "Endelea tu, kaka! Mguu utatangulia, wewe utafuata." Watu wakacheka. Tsuneko naye alicheka, maana alikuwa na hasira naye. Kesho yake Seitoku alijidunga kama kawaida, akasukuma bakuli la kifungua kinywa pembeni. "Leo nafunga," alisema. "Niliyoyala jana yanatosha." Akaondoka na gari lake. Walimkuta ndani ya miwa, gari bado linanguruma.

Daktari alieleza kwamba sukari ilishuka mno, kwa kuwa dawa iliingia na chakula hakikuingia. Nani katika ukoo ule alimsikiliza? Mgonjwa wa sukari amekufa, basi ni sukari, basi ni ulafi. Tsuneko peke yake ndiye aliyerudi kwa muuguzi akauliza upya, akauliza tena, mpaka akaelewa.

Na sasa mwanawe Morihide alikuwa amekutwa na ugonjwa uleule, akapewa vidonge.

Asubuhi ile Tsuneko alikuwa anafunga vitambaa vya masanduku aliposikia kijana anakataa wali na mayai. "Nabakisha nafasi, Mama. Si unajua Bibi atakavyonishindilia leo?" Tsuneko alikuwa amempa mgongo. Hakuona kama amemeza kidonge. Hilo litamsumbua maisha yake yote, na mimi sioni kwa nini lisimsumbue.

Kaburini walifika mapema. Aliyekuwa hajafika ni Choei, mdogo wa Seitoku, ambaye sasa ndiye aliyetakiwa kuwasha ubani. Basi wakakaa kwenye jamvi, jua likipanda, harufu ya nguruwe ikiwazunguka, chai chungu ikipita mikononi. Fumi hakuweza kunyamaza.

"Mori, mbona unaangalia sanduku kama paka? Unamfuata baba yako?"

"Niache, Shangazi."

"Nikuache! Nani alikulea ulipo..."

"Nimesema niache!"

Watu wakageuka. Morihide hakuwa kijana wa kupandishia wakubwa sauti. Uso ulikuwa umempauka, jasho linamtiririka, na kikombe kilitetemeka mkononi hadi chai ikamwagika kwenye suruali. Aliitazama ile chai kana kwamba si yake.

Bibi Uto, mama yake Seitoku, aliinuka kwa magoti. "Roho imemtoka! Ameshtuka, roho imemdondoka hapa hapa. Seitoku anamvuta!" Akaanza kumpapasa mgongo, akiita: "Rudi, Morihide, rudi nyumbani, usimfuate baba yako."

Fumi akaanza kulia. Tsuneko alikuwa ameshamshika kijana mashavu.

"Mori, nitazame. Kidonge umemeza?"

"Nimemeza."

"Na umekula?"

Alifumbua kinywa. Midomo ilikuwa inatafuta neno.

Tsuneko alitazama huku na huku. Chai haina sukari. Pombe ndiyo kabisa, ingemmaliza. Vyakula vyote vilikuwa vimepangwa mbele ya kaburi, ubani haujawashwa, na katikati, kwenye kisahani cheupe, kulikuwa na vipande vya sukari guru. Alipita juu ya masanduku akakichukua kisahani.

"Wifi!" Fumi alipiga ukelele. "Wafu hawajala!"

"Wasubiri. Wao hawana haraka."

Bibi Uto alimpiga mkononi kwa upepeo wake, na si kwa mzaha. Tsuneko hakujali. "Tafuna, mwanangu. Tafuna, meza. Kingine." Akambana kifuani mwake kama mtoto mchanga, akangoja huku akiogopa hata kupumua. Baada ya muda mrefu wa mateso, Morihide alimeza mate, akanyanyua kichwa na kusema, "Mama, mbona unanikaba?"

Hapo ndipo Tsuneko alipochukua mochi nzima kutoka sanduku la wafu na kumlisha kidogo kidogo, kwa sababu sukari peke yake haikai, na kidonge kile kinaendelea kushusha. "Ukimaliza mlo, kabla ya nyumbani, tunapitia kliniki," alisema. "Wapime tena."

Choei alifika akihema, akisingizia foleni, akakuta nyuso za msiba. Ubani ukawashwa. Chakula kilipoteremshwa, Bibi Uto, kwa mazoea ya mikono yake, alianza kumrundikia mjukuu nyama. Tsuneko aliigeuza ile sahani taratibu.

"Aanze na hivi, Mama." Mafundo ya mwani, mizizi ya gobo, tofu. Kisha nguruwe vipande viwili, na samaki. "Mochi yake ameshakula."

Morihide alikula polepole, macho chini. "Kesho nitafunga, Mama, nifidie hii nguruwe."

"Kesho utakula asubuhi kama siku nyingine," Tsuneko alisema. "Sherehe ikiisha imeisha. Hufidii chochote. Baba yako ndivyo alivyofidia."

"Kaka alikufa kwa kula," Fumi alisema, lakini safari hii kwa unyonge.

Tsuneko alitia mkono kwenye mkoba. Alikuwa amekibeba tangu hospitali walipomrudishia nguo za mumewe: kipande cha sukari guru, ndani ya karatasi nyekundu iliyosokotwa ncha mbili, hakijafunguliwa. "Kilikuwa mfukoni mwake. Mfuko wa shati, hapa. Sijui kama akili ilikuwa imeshapotea hata asikikumbuke. Au alikikumbuka, akatusikia tunavyocheka."

Fumi alijifunika uso.

Bibi Uto alikipokea kile kipande, akakigeuza kwa vidole vilivyopinda. Karatasi aliitambua. "Nilimpa mimi," alisema. "Pale harusini, nyie mnacheka. Nilimwambia, ficha, utakula wakiwa hawakuoni."

Aliifungua ile karatasi. Ilikuwa imenata, ikamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akajivuta kwa magoti mpaka kwenye jiwe la kaburi, akakiweka kile kipande, wazi, mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula. Hakuna atakayekusema."