Muuguzi wa Kitunguu

Kazini walimwita Dada Futa. Alikuwa mwandishi wa miswada ya video katika kituo kidogo cha elimu kwa jamii, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika sentensi bila kuifuta. Aliandika, akaguna, akafuta, akanywa chai iliyokwisha kupoa, kisha akaandika ile ile aliyoifuta.

Siku moja mkuu wake akamletea kazi: video ya dakika mbili ya kufundisha watu namna ya kukagua ujumbe unaosambazwa kwenye simu kabla hawajauamini.

"Isiwe hotuba," mkuu alisema. "Watu wacheke, lakini wajifunze."

Mswada wa kwanza ulianza hivi: "Taarifa potofu ni changamoto mtambuka katika jamii." Alipomsomea mpiga picha, yule kijana mrefu alipiga mwayo mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, hapo mtazamaji ameshahamia kwenye video ya paka."

Akafuta. Ndipo akamkumbuka shangazi yake. Alikuwa dada wa baba yake, fundi cherehani aliyestaafu, ndiye aliyemlea na bado waliishi nyumba moja. Shangazi ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi la familia kwenye simu, na hakuna ujumbe uliopita mbele yake ukaachwa usisambazwe. Dunia ilikuwa imeisha mara kadhaa kwenye kundi lile.

"Shikamoo shangazi. Unataka kuwa nyota wa video?"

"Marahaba, mwanangu. Nivae kilemba kipi?"

Dada Futa akatunga ujumbe wa uongo wa mfano. Alichagua uongo usiomdhuru mtu, maana hakutaka mtu anywe au apake kitu kwa ajili yake: "Kata kitunguu, kifunge kwenye mfuko pamoja na simu yako usiku kucha. Chaji itakaa wiki nzima. Makampuni hayataki ujue. Tuma kwa wote uwapendao!" Aliuwekea kila dalili: hauna jina la mwandishi, hauna tarehe, una siri, una haraka. Katika mswada, shangazi angeusoma, kisha Dada Futa angeingia na kuuliza: "Shangazi, nani amesema hayo? Amesema lini? Kuna mwingine wa kuaminika aliyeyasema?" Hapo shangazi angeachama kwa mshangao, na mafunzo yangeanza.

Mazoezi yalifanyika studio, yaani chumba kilichokuwa stoo zamani. Shangazi aliketi mbele ya pazia la kijani lenye alama ya kuungua kwa pasi, akausoma ujumbe ule kwa sauti ya mtu aliyekiona kitunguu kile kikitenda miujiza. Alisoma vizuri mno. Mpiga picha alijikuta akiitazama simu yake kwa matamanio. Kisha Dada Futa akauliza maswali yake, shangazi akaachama, na yote yakarekodiwa.

"Nitumie hiyo video nione kilemba kimekaaje," shangazi akamwambia mpiga picha wakati wa kuondoka. Naye, kwa heshima zote, akamtumia.

Baada ya siku chache Dada Futa alipita kwa muuza mboga.

"Vitunguu vimekwisha," muuza mboga akasema. "Sijui wana nini watu. Wanabeba vitunguu, nyanya hawaziulizi!"

Alipofika kazini, mlinzi wa getini alitoa simu mfukoni ili asome saa, na harufu ikamfikia Dada Futa kabla ya salamu. Kabla hajauliza lolote, simu yake mwenyewe ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mkuu: "Ona upuuzi huu! Huu ndio uongo tunaopambana nao. Tafuta chanzo chake, uutumie kwenye video. Njoo ofisini."

Chini yake kulikuwa na kipande cha video, chenye ile alama ya kuonyesha kwamba kimesambazwa mara nyingi. Picha ilikuwa imefifia kwa kupita mikononi mwa watu, lakini kilemba kilionekana vizuri. Juu yake mtu alikuwa ameandika: MUUGUZI MSTAAFU AFICHUA SIRI YA CHAJI. Kiliishia kwenye neno "uwapendao". Swali la Dada Futa halikuwemo.

Mkuu alikuwa amesimama, miwani usoni, ameshika simu kama mpelelezi.

"Nimefanya kama unavyotufundisha," akasema. "Nimesimamisha video, nikachukua picha yake, nikaitafuta mtandaoni. Hakuna kitu! Maana yake si video ya zamani iliyopewa maelezo mapya. Huenda muuguzi huyu ni wa kweli."

"Mkuu, kutopata kitu hakuthibitishi kitu. Huenda video ni mpya tu, au mtambo wa kutafutia bado haujaiorodhesha." Dada Futa akainyooshea simu kidole. "Inabidi kuangalia vilivyomo ndani ya picha. Kama mabango, majengo… au pazia."

Mkuu akaisogeza simu karibu na pua. Akatazama pazia, akatazama alama ya pasi. Kisha akageuka taratibu akachungulia kupitia mlango ulio wazi, mpaka ndani ya studio.

"Hapana," akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Na muuguzi?"

"Ni shangazi yangu. Na si muuguzi. Alikuwa anashona sare."

Mkuu aliketi. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na Dada Futa alidhani analia mpaka alipomsikia anakoroma kwa kicheko.

Nyumbani shangazi alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Niliwatumia familia tu! Waone nimependeza!"

"Lakini shangazi, kwa nini ulikata mwisho?"

"Mwisho nimeachama kama mlango wa stoo. Ulitaka ukoo mzima uyahesabu meno yangu?" Akashusha sauti. "Hilo la uuguzi silijui, wameongeza huko mbele. Wameiona wengi?"

"Wengi sana."

"Wengi kiasi gani?" Na hapo hakuweza kuficha tabasamu.

Jioni ile ile walitoa video nzima, meno na yote, na shangazi akajieleza mwenyewe: "Mimi si muuguzi. Kitunguu hakiongezi chaji, kinaipa simu unyevu na harufu." Akaliamuru kundi la familia kuituma kila mahali walikotuma ile ya kwanza. Haikwenda mbali kama uongo wake, na jambo hilo lilimuuma Dada Futa kuliko yote.

Akafuta mswada wote. Safari hii ukweli ulikuja kwanza, kabla ya ujumbe. Neno UONGO, kwa herufi nyekundu, lilibaki kwenye picha muda wote ambao ujumbe ulisomwa, ili hata anayekata akate nalo. Na swali "nani amesema?" liliingia katikati ya sentensi ya shangazi, pasibaki kipande kizima cha kuiba.

"Hizo herufi zinaziba kilemba," shangazi akalalamika.

Walibishana mpaka mpiga picha akaketi sakafuni. Mwishowe herufi zikapita kifuani, kilemba kikasalimika.

Video ilipokelewa vizuri. Aliyeiamini zaidi alikuwa mwigizaji wake. Wiki ile mpwa mmoja aliandika kwenye kundi la familia kwamba amepata mchumba na harusi iko karibu. Watu wakamwaga pongezi na maua. Shangazi akajibu chini yao wote:

"Nani amesema? Lini? Yupo mwingine wa kuthibitisha?"

Maua yakakoma. Baada ya muda mchumba mwenyewe akaongezwa humo, akajitambulisha kwa adabu, akatuma picha yake akiwa ameshika gazeti la siku hiyo.

"Sawa," shangazi akaandika. "Sasa hongereni."