Mayai ya Dereva wa Treni

Kwetu mwanamke hakuwa akila yai. Tuliambiwa ukilila utazaa mtoto kipara, au hutazaa kabisa, na ukoo mzima utajua sababu. Sikuwahi kubisha. Nilifuga kuku, nikauza mayai, nikampikia mume wangu, na ladha yake sikuijua. Watu wakiniuliza niliwezaje kuuza mayai ya kuchemsha miaka yote ile, huwajibu kwamba fundi cherehani naye hushona suruali asizozivaa.

Zilikuwa siku za Mwingereza, reli bado ngeni mjini. Tulikaa mtaa wa Mirongo, mimi na mume wangu aliyekuwa mchukuzi bandarini. Asubuhi nilijitwika kikapu nikaenda stesheni kuwauzia abiria wa treni ya Tabora. Jua lilinichoma, na askari wa stesheni alinifukuza kana kwamba nimekuja kuiba mabehewa. Nilichokitamani kuliko kitu chochote duniani kilikuwa mahali pa kukaa. Kivuli, na mtu asiniambie toka.

Mkabala na stesheni palikuwa na duka lenye baraza pana. Mwenyewe alikuwa Mhindi, nasi sote tulimwita tajiri. Aliuza vitambaa, sukari na sabuni, na pale barazani aliuza chai na mkate. Wateja wakawa wanauliza: mayai je? Tajiri alikuwa na shida moja tu. Yeye na mkewe walikuwa Wahindi wasiogusa nyama wala yai, na mama yule hakutaka hata ganda liingie jikoni kwake. Ndipo akaniita.

"Mama, utachemsha uani, kwa sufuria yako na maji yako. Barazani utauza. Ndani usiingize."

"Sawa, tajiri."

"Na kama wateja hawapendi, basi. Mke wangu hataki kabisa jambo hili. Nimembembeleza mpaka koo limekauka."

Basi ndivyo tulivyoanza. Mimi sili yai kwa mwiko wa kwetu, yeye haligusi kwa mwiko wa kwao, na sisi wawili ndio tulioungana kufanya biashara ya mayai.

Mteja wetu mkubwa alikuwa dereva wa treni, Singasinga mmoja mwenye kilemba na sauti kali kama filimbi ya treni. Akikaa yeye barazani, wafanyakazi wote wa reli walikaa. Akisema chai ya mahali fulani mbaya, mahali hapo palikufa. Asubuhi ya kwanza aliagiza mayai ya namna tatu. Lake liwe laini, alile kwa kijiko papo hapo. La msaidizi wake, yule mchochea moto, liwe la katikati, kiini kizito kama asali ya baridi, alipasue juu ya mkate. Na mengine magumu ya safari, yamenywe kabisa, maana wakiwa njiani mikono yao ina masizi na grisi, na hakuna anayetaka kumenya yai kwa mikono hiyo.

Mimi nilisikia "mayai" tu. Kwangu yai lilikuwa yai. Niliyatia yote sufuria moja, nikayachemsha kama maharage, yaani mpaka niliporidhika. Dereva alipolipasua lake, kijiko kiligonga kiini kama kinagonga jiwe. Kiini kimezungukwa na utepe wa kijani, na harufu iliyotoka ilipita dukani, ikapita pazia, ikamfikia mke wa tajiri akiwa kwenye sala zake. Sauti yake niliisikia kutoka uani. Lugha sikuifahamu lakini maana niliipata yote.

Dereva akasema, "Mama, hili nitampiga nalo ng'ombe akilala relini."

Watu walicheka. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilirudi nyumbani na mayai, nikamkalisha mume wangu kwenye kigoda, nikaanza kumlisha ili ulimi wake unifundishe. Nilichemsha kidogo nikampa. Nikachemsha zaidi nikampa.

"Hili likoje?"

"Tamu."

"Na hili?"

"Tamu."

Nikampa moja ambalo lilikuwa bado maji kabisa, likamchuruzika kidevuni. Akajifuta kwa mkono. "Hili nalo tamu, mke wangu." Nilijua hapo kwamba nimeolewa na mtu mwema asiye na faida yoyote katika jambo hili.

Iliyonisaidia ni saa ya ukutani ya tajiri. Sikujua kuisoma, naye hakutaka kusogelea sufuria, kwa hiyo tuligawana. Mimi nilingoja maji yachemke kweli, nikayashusha mayai polepole kwa upawa yasije yakapasuka, nikapiga kelele, "Yameingia!" Yeye akasimama mlangoni, kitambaa puani, macho kwenye saa, akihesabu dakika. Mayai ya kuku wetu ni madogo. Tulipasua mengi kabla hatujaelewana. Akiita "Tano!" nilitoa ya laini: ute umeshika, kiini kinatiririka. Akiita "Saba!" nilitoa ya katikati. Akiita "Kumi!" nilitoa magumu, kiini kikavu, cha manjano mpaka ukingoni, bila ule utepe wa kijani. Kila nililotoa nililitia mara moja kwenye maji ya baridi, kwa sababu ukiliacha hivi hivi linaendelea kuiva lenyewe ndani ya ganda lake. La laini linakuwa la katikati mkononi mwako, na dereva hana subira.

Harufu ilipungua. Mke wa tajiri alipunguza sauti. Tajiri mwenyewe alianza kunogewa. Siku moja nilimsikia akimwambia mnunuzi wa kanga, "Ngoja kidogo, nina mayai kwenye saba."

Lakini kumenya! Hapo ndipo niliposhindwa. Yale magumu ya safari yalitoka ganda na nyama yake. Unavuta kipande kidogo cha ganda, kinakuja na nusu ya ute. Yai lililoingia sufuriani zima lilitoka na uso wa mtu aliyeugua ndui. Nililigonga upande mnene, kwenye ule mfuko wa hewa, nikaliviringisha mpaka ganda lote likapasuka, nikalimenya ndani ya maji ili maji yaingie chini ya utando. Hakuna. Utando uling'ang'ania ute kama kupe.

Na sikuwa nimefanya ubahili. Kuku wangu hawakutosha, basi kila alfajiri nilizunguka Mirongo nyumba kwa nyumba nikinunua mayai yaliyotagwa saa ile ile, mengine bado yana joto la kuku. Niliona ndiyo heshima. Mtu mkubwa utampaje yai lililolala? Mume wangu alisema nimerogwa na wauza mihogo wa stesheni wenye wivu. Tajiri alisema labda ni sufuria. Nikanunua sufuria. Nikabadilisha maji ya kisima kwa maji ya ziwa. Nilifika mahali pa kuwagombeza kuku wa watu, nikisimama uani kwa jirani nikiwauliza wanakula nini.

Dereva alivumilia, kisha akachoka. Alimwonyesha tajiri yai lililobaki dogo kama gololi. "Mama huyu ananipa mayai ya zamani," akasema. "Yameoza ndani, ndiyo maana yanavunjika. Safari ijayo nikiona hivi, nakunywa chai kule sokoni, mimi na watu wangu wote."

Tajiri hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema polepole, akitazama sakafu, "Mama, bila dereva, baraza sitaweza kukuachia. Mke wangu anangoja siku hiyo tu." Nililia njia nzima mpaka nyumbani, tena kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mayai ya zamani! Mimi!

Kesho yake nilinunua kikapu kizima, mapya kupita mapya, yangoje treni. Usiku ule mvua ikanyesha kama imeagizwa, reli ikakatwa huko njiani, na treni haikuja. Haikuja kesho wala keshokutwa. Ilipita zaidi ya wiki. Kikapu kilikaa chini ya kitanda, kuku wangu hawakutaga kwa mvua ile, na sikuwa na senti ya kununulia mengine. Asubuhi moja nikasikia filimbi, dereva amefika, na mimi sina kitu ila yale mayai yaliyolala.

Nilikwenda kama anayekwenda barazani kwa mkuu wa wilaya kuhukumiwa. Uani niliyatia kwanza kwenye ndoo ya maji, kama tunavyofanya sokoni kutafuta mayai viza, yaliyooza. Mayai mapya hulala chini. Haya yalisimama, ncha nyembamba chini, upande mnene juu, yote yananitazama. Mawili yalielea kabisa, nikayatupa mbali. Yaliyobaki nikayatia kwenye maji yanayochemka, maana ningefanyaje?

"Kumi!" akaita tajiri.

Nikayapoza, nikagonga la kwanza, nikaingiza kidole gumba chini ya utando. Ganda likavuka. Nakuambia lilivuka kama shuka, vipande viwili vikubwa, na yai likabaki linang'aa, halina hata mkwaruzo. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Nilipofika la nne nilikuwa nimekasirika tena, nikalitukana lile yai mbele ya tajiri. Alfajiri zote zile, umande wote ule, miguu yangu yote ile, kumbe mlitaka kulala tu!

Dereva alichukua sahani, akaigeuza juani. Akachukua moja, akaling'ata, akafumba macho.

"Umeona?" akamwambia tajiri. "Mtu akisemwa anajirekebisha. Haya ndiyo mayai ya leo."

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi sikuumbwa hivyo. "Bwana dereva," nikasema, "hayo yamelala chini ya kitanda changu zaidi ya wiki. Yale ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa ya leo."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka kilemba kikayumba. Akampiga mchochea moto begani. "Unamsikia? Mama ana masihara!" Akainuka, akajifuta ndevu, akanielekezea kidole. "Kila safari nataka mapya kama haya. Siku utakayoniletea ya wiki nzima, nitayajua kwa kuyatazama tu."

Treni ilipoondoka, tajiri alikuja mpaka uani, mara ya kwanza bila kitambaa puani. Aliangalia maganda, akaniangalia mimi.

"Kweli yamelala wiki?"

"Na zaidi, tajiri."

Pazia lilisogea nyuma yake, mkewe akasimama pale akisikiliza.

"Mama," akasema, "chukua ile meza ya pembeni, ndiyo yako. Uweke mkeka chini, ukae vizuri. Ila nakuomba kitu kimoja." Akashusha sauti. "Usimwambie mteja ukweli tena. Safari hii ametusamehe."

Nikaibeba meza mwenyewe. Niliiweka pale penye kivuli kirefu zaidi, nikatandika mkeka, nikanyoosha miguu mpaka ikafika ukingoni mwa baraza. Askari wa stesheni akapita, akanitazama. Nikamwuliza kama anataka yai.