Ukipata Nafasi, Lipa Kodi

Kalekye alikuwa akisimamia nyumba za kupanga za watu pale mjini Kabati, na kwa kawaida hakuwa mtu wa kelele. Lakini siku hiyo alirudi ofisini na hasira, akabamiza mlango hadi kalenda ikaanguka ukutani.

Alikuwa ametoka kwa Muindi, mpangaji wa nyumba ya Shufaa. Shufaa alikuwa mjane, na kodi ya nyumba hiyo ndiyo iliyompa chakula na dawa za presha. Muindi, mfanyabiashara wa saruji na mabati, alikuwa na deni la miezi mitatu. Mwaka uliotangulia alifanya vivyo hivyo, akalipa, kisha akaanza tena.

Kalekye alimkuta dukani mbele ya wateja, akamuuliza kwa upole kuhusu kodi. Muindi akatoa simu na kusoma ujumbe kwa sauti ili wote wasikie.

"'Habari yako ndugu. Samahani kwa usumbufu. Ukipata nafasi, tunaomba utukumbuke na kodi.' Si ni wewe uliandika hii? Basi sijapata nafasi."

Watu wakacheka.

"Na ile ya pili pia," Muindi akaendelea. "'Tutashukuru ukijaribu.' Nimejaribu, imekataa. Mwambie huyo mama atulie, wewe ni wa kutumwa tu."

Hasira ya Kalekye ilikuwa na makali mawili. Alimchukia Muindi, na alijichukia mwenyewe, kwa sababu maneno yalikuwa yake. Alikuwa amedai deni kana kwamba anaomba msaada.

Akachukua karatasi, akaandika bila kupumua: *Wewe ni mwizi unayekula jasho la mjane. Usipolipa kesho tutang'oa mlango na vitu vyako vitalala barabarani.*

Shufaa, aliyekuwa amefika ofisini kuulizia kodi yake, aliposomewa, akapiga meza. "Hiyo ndiyo! Tuma sasa hivi!"

Kalekye alikuwa tayari amekunja karatasi. Kisha akaikunjua.

"Mama, mlango hatuwezi kung'oa. Hatuna amri ya korti. Tukiung'oa, yeye ndiye atatushtaki. Na nikimwita mwizi, ataenda kila mahali akisema ametukanwa. Hakuna atakayeuliza habari ya kodi tena."

"Kwa hivyo tumbembeleze? Tumembembeleza mpaka anatucheka!"

"Simbembelezi tena, mama. Hata samahani sitaandika."

Akararua ile barua na kuanza upya. Kila mara hasira ilipoingiza neno, alilikata. "Mwizi" likaondoka. "Aibu" likaondoka. "Ukipata nafasi" halikuonekana popote.

*Kwa Bwana Muindi,*

*Hili ni onyo la mwisho kuhusu kodi ya nyumba unayoishi. Una deni la miezi mitatu, jumla shilingi 27,000. Tulikukumbusha mwezi wa kwanza wa deni na mwezi wa pili, na hukulipa.*

*Tafadhali lipa deni lote kufikia Ijumaa ya tarehe 28. Ukiwa na shida ya kulipa kwa pamoja, fika ofisini kabla ya siku hiyo tuandikiane mpango wa malipo. Usipolipa wala kuafikiana nasi, tutakwenda kortini kudai deni na kurudishiwa nyumba.*

*Wako, Kalekye, kwa niaba ya mwenye nyumba.*

Shufaa akaisikiliza hadi mwisho. "Ni baridi, haina makali," akasema.

"Iwe baridi. Lakini kila neno hapo tunaweza kulitimiza."

Kalekye akampelekea Muindi barua mkononi, akamfanya asaini nakala. Muindi aliposoma uso ukamvimba. Akaenda moja kwa moja kwa chifu, barua mkononi, kulalamika kwamba anatishwa na kudharauliwa. Chifu akamwita Kalekye, akaisoma barua mara mbili mbele yao.

"Muindi, umetukanwa wapi hapa?"

"Angalia vile anaongea! Onyo la mwisho! Mimi ni mtu mzima!"

"Hili deni, ni la uongo?"

"Si la uongo, lakini..."

"Hukukumbushwa mara mbili? Amekataa kukusikiliza? Hapa anasema uende muongee." Chifu akamrudishia barua. "Mimi sioni kosa. Nenda ofisini kwake."

Alhamisi Muindi akafika. Alilipa miezi miwili kwa simu, akatia sahihi kwamba wa tatu angelipa katikati ya mwezi uliofuata pamoja na kodi mpya. Hakuomba msamaha. Alipotoka alisema tu, "Ungeniambia vizuri tangu mwanzo."

Kalekye akasimama. "Nilikuambia vizuri, ukanisomea dukani watu wanicheke!"

Muindi akaenda zake. Kalekye alibaki amesimama, ngumi amezikunja juu ya meza, akingoja moyo utulie kabla ya kumpigia Shufaa na kumwambia pesa zimeingia.