Kifungio cha Karati Kumi na Nane

Bibi Tak Bun-rye alikuja dirishani kwangu, dukani pa dhahabu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amepaka wanja wa nyusi uliopinda upande mmoja. Nilijua mara moja kwamba amekuja kuuza. Wanaokuja kununua huja wameshikana mikono, na wanaokuja kuuza huja peke yao wamejipamba.

Nilimjua tangu zamani. Hapa mtaa wa Jongno, kwenye vichochoro vya masonara, kila mtu alimjua kama mama wa sinia. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba chakula kichwani kutoka jikoni mwa mtu kuwapelekea mafundi ghorofani: supu ya soya, wali, kabichi chachu ya kimchi, samaki wa kukaanga, sinia juu ya sinia, anapanda ngazi zisizo na taa bila kumwaga tone. Mumewe, Mzee Maeng, alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Gi-taek. Shingo ile iliyobeba sinia ndiyo iliyomsomesha.

Mafundi walimpenda kwa sababu alikuwa na mdomo mkali na akili ya hesabu. Akisubiri vyombo vitupu, aliwauliza maswali, nao wakamfundisha. Dhahabu safi ni ishirini na nne. Karati kumi na nane ni sehemu kumi na nane za dhahabu na sita za shaba na fedha, basi ni robo tatu. Kumi na nne juu ya ishirini na nne ni mia tano themanini na tatu na kitu katika elfu, lakini masonara hupandisha kidogo na kugonga chapa ya 585. Uzito tunapima kwa doni, na doni moja ni gramu tatu na robo tatu. Mambo hayo mama wa sinia aliyajua kuliko wake wengi wa masonara wenyewe, mimi nikiwemo siku za mwanzo.

Siku ile alivua mkufu wake polepole, akauweka kwenye kitambaa. Mkufu huo tuliujua sote vilevile. Gi-taek alimnunulia mama yake alipotimiza miaka hamsini na mitano, kwa mshahara wake wa kwanza wa maana. Doni tano, karati kumi na nane. Kila karakana aliyoingia na sinia, Bibi Bun-rye aliuweka juu ya mzani wa fundi kwa maringo. "Pima tena, labda umezaa," alikuwa akisema, na mzani ukasema doni tano, naye akacheka.

Niliupima. Doni tano kamili. Nikausugua mkufu kwenye jiwe jeusi, nikadondosha tindikali, nikatazama. Kisha nikaandika kwenye kikokotoo na kumgeuzia: woni 585,000. Sikueleza lolote. Mimi sina subira, na asubuhi ile nilikuwa nimeshajibizana na watu wawili. Kosa langu lilianzia hapo.

Bibi alitazama ubao wangu wa bei ukutani. Dhahabu safi nilikuwa nanunua kwa woni laki mbili kila doni, hasara ya kuyeyusha ikiwa imeshatolewa. Midomo yake ikaanza kucheza. Hakugusa kikokotoo.

"Mama Heo," akasema, "laki tano na elfu themanini na tano, ugawe kwa laki mbili, ni doni mbili na pointi tisa mbili tano za dhahabu safi. Ugawe tena kwa doni zangu tano. Hiyo ni 585. Umenilipa karati kumi na nne."

Nikamwambia ndiyo, nimelipa karati kumi na nne.

"Basi umeniibia mchana kweupe. Huu ni kumi na nane. Tano mara robo tatu ni tatu na robo tatu. Mara laki mbili, ni laki saba na nusu. Mimi nimekulisha supu wewe, hata ulipokuwa na mimba ya mwanao Su-min nilikuongezea yai. Leo unanipunja?"

Wateja wawili wa dirisha la jirani waligeuka. Damu ilinipanda. Miaka ishirini na sita nakaa nyuma ya kioo hiki, na hakuna neno ninalolichukia kuliko hilo. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anadhani ameniletea kumi na nane, avute kiti aone kwa macho yake, maana ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Naona haya nikikumbuka jinsi nilivyoyasema hayo, kama mtu anayetupa kadi ya ushindi mezani.

Nikausugua mkufu wenyewe kwenye jiwe, mstari mmoja. Yeye akanishika mkono. Akasema nisugue na pale penye chapa, kwenye kifungio. Nikasugua kifungio, mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Kisha nikapitisha tindikali ya karati kumi na nane juu ya yote miwili kwa mpigo mmoja.

Mstari wa kifungio ulibaki uking'aa. Mstari wa mkufu ulififia, ukawa kahawia, ukaondoka.

Nilipomwangalia usoni, hasira yote ilinitoka, nikatamani ningekuwa mwizi kweli. Ingekuwa rahisi kwake.

Nikajifanya nina kazi. Nilifungua kifungio kwa koleo, nikakipima peke yake: sehemu mbili za kumi za doni. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa kifungio yuko sahihi, nimemkosea, ni karati kumi na nane, kwa hiyo bei inapanda. Mkufu wa doni nne pointi nane ni woni 561,600, kifungio ni elfu thelathini, jumla 591,600. Aliinamisha kichwa kukubali hesabu. Kisha akaanza kusimulia, akiongea na jiwe lile jeusi na si na mimi.

Mkufu ulikatika kiangazi kimoja, miaka kumi na mitatu iliyopita. Gi-taek akasema atampelekea kwa fundi. Ulirudi baada ya wiki moja, umeng'arishwa. Alipouvaa aliona umeshuka kwa upana wa kidole. Zamani ulikaa kwenye shimo la koo. Mwanawe akasema fundi ameongeza pete mbili tatu. Siku iliyofuata aliuweka kwenye mzani wa fundi kama kawaida, na mzani ukasema doni tano.

"Alijua nitapima," akasema. "Kanijua mamake. Akatafuta mwingine wa uzito uleule, akautia kifungio cha ule wa kwanza. Karati kumi na nne ni nyepesi, ndiyo maana ukawa mrefu. Na mimi na ujuzi wangu wote nikasoma chapa ya kifungio."

Vuli ile, sikukuu ya mavuno, jamaa wote walikuwa chumbani kwake mtaa wa Changsin, wamekaa chini kuzunguka meza. Bibi Bun-rye alinyoosha shingo mbele ya shemeji zake, akawaambia, "Guseni mkufu wa mwanangu, karati kumi na nane, nani kati yenu ana mtoto wa hivi?" Gi-taek akaweka vijiti vyake vya kulia chini. Akasema anatoka kuvuta sigara. Hakurudi siku hiyo wala nyingine yoyote. Baada ya mwaka mmoja namba yake ya simu ikawa ya mtu mwingine.

Miaka yote kumi na mitatu mama aliamini kosa ni lake. Asubuhi ile ya sikukuu alikuwa amemkaripia kwamba ana miaka thelathini na hana mke. Alishalirudia neno hilo moyoni mara elfu, akijuta, akimwomba msamaha huku ameuelekea ukuta. Kila sikukuu ya mavuno alipika kwa ajili ya watu wawili, kisha akala uji tu, maana meno ya chini yalikuwa yameisha. Meno hayo ndiyo yaliyomleta kwangu. Daktari alitaka woni 580,000 kumtengenezea mapya.

Akaniuliza mwaka ule doni ya dhahabu safi ilikuwa ngapi. Nilifungua daftari la zamani. Elfu themanini.

Midomo yake ikacheza tena. Nami nilikuwa nimeshafanya hesabu ileile kimoyomoyo, nikiomba asiifanye. Doni nne pointi nane za karati kumi na nane ni tatu na pointi sita za dhahabu safi. Za kumi na nne ni mbili na pointi nane sifuri nane. Tofauti aliyobaki nayo Gi-taek ni pointi saba tisa mbili, mara elfu themanini.

"Elfu sitini na tatu, mia tatu na sitini," akasema. "Tena fundi naye alitaka ujira wake."

Akapangusa kioo changu kwa mkono wa sweta, mahali pasipo na uchafu. "Elfu sitini na tatu tu, Mama Heo. Angeniomba ningempa. Ningemfokea kwanza, halafu ningempa."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ni mzazi. Nilimmiminia chai ya shayiri. Hakuinywa. Alisema anauuza mkufu, niuyeyushe, ila kifungio nimrudishie.

Nikamkumbusha kwamba bila kifungio anapata 561,600, na daktari anataka zaidi. Nikasema elfu kumi na nane na mia nne zilizopungua nitaongeza mimi, nimshukuru kwa yale mayai. Alinitazama kwa jicho lilelile la zamani, la mama wa sinia anayehesabu mabakuli na kukuta moja halipo.

"Dhahabu yangu nimeshaijua bei yake. Usiniongezee shaba," akasema. Alisema meno yatasubiri pensheni ya mwezi ujao. Akachukua kifungio, kidogo kama punje ya mchele iliyopikwa, akakifunga kwenye leso. "Hiki ndicho alichoninunulia. Hakukigusa."

Alipohesabu noti zake na kuziweka ndani ya nguo, aliomba kalamu. Aliandika kwenye karatasi namba yake ya simu na maneno machache, akaniambia niibandike upande wangu wa kioo, nisiionyeshe watu. Alisema Gi-taek akiwa na shida atakuja kuuza kitu, kila mwenye shida hatimaye hupita Jongno. Kisha akashika njia ya kwenda kituoni, shingo wima, mikono mitupu, akipita katikati ya barabara kama bado ana sinia kichwani.

Sheria inanitaka nisome kitambulisho cha kila anayeuza dhahabu. Zamani nilikuwa natazama namba tu. Sasa kila mwanamume wa miaka ya arobaini anayesimama peke yake mbele ya kioo, nasoma jina kwanza, kabla hata sijagusa alicholeta. Bado hajaja. Bibi Bun-rye hupiga simu mara moja kwa mwezi, huuliza bei ya doni imefika ngapi, namwambia, kisha anakata.

Karatasi imeanza kuwa ya manjano. Imeandikwa: *Maeng Gi-taek, mama amepima. Ni 63,360 tu. Njoo ule.*