Aliyewasha Mashine

Benedikta Mayige alisomea kilimo Krasnodar, kusini mwa Urusi, akarudi nyumbani Bariadi na shahada ambayo ofisi nyingi ziliitazama na kuirudisha mezani. Kilichokuja kumlisha ni lugha. Kampuni moja ya tafsiri ya Dar es Salaam ilikuwa ikimtumia maandishi ambayo kompyuta imeshayageuza kutoka Kiswahili kwenda Kirusi, naye anayasahihisha. Baada yake huyasoma Mrusi mmoja wa mbali asiyejua neno la Kiswahili. Huyo hukagua ulaini wa sentensi tu, kwa hiyo kosa la maana likimpita Benedikta, limepita moja kwa moja.

Asubuhi moja ya kiangazi alifungua faili la maelezo ya shahidi. Katika kiwanda kimoja cha pamba upande wa Maswa, fundi mgeni aliyeitwa Timur alikufa akiwa kazini. Yeye na mdogo wake Ruslan walitoka Uzbekistani kuja kufunga mashine. Mjane wa Timur alijua kusoma Kirusi, na wanasheria walitaka apate maelezo ya mfanyakazi aliyeshuhudia, Elizabeth.

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Elizabeth alisema "mashine ya kuchambua pamba," na kompyuta ikaandika mashine ya kufanyia pamba uchambuzi, kana kwamba ni kifaa cha maabara. Benedikta akafuta, akaweka jina ambalo mafundi wa Kirusi hutumia: djin. Alilijua tangu chuoni, lakini kwa kuwa linasikika kama jini, hakupenda kulitamka akiwa peke yake nyumbani. Palipokuwa na "pamba mbegu", yaani pamba ambayo haijatolewa mbegu, kompyuta iliandika mbegu za pamba. Akarekebisha. Mashine, ambayo kwa Kirusi ni ya jinsia ya kike, ilikuwa imepewa kitenzi cha kiume. Elizabeth naye alikuwa anazungumza kama mwanamume kutoka mwanzo hadi mwisho, "nilisikia" yake, "nilikimbia" yake. Benedikta akampa uanamke wake, kitenzi kwa kitenzi.

Ndipo akafika hapa: "Timur alikuwa ameingiza mkono kuondoa pamba iliyokwama kwenye misumeno. Mwenzetu akawasha mashine. Ruslan ndiye aliyezima."

Kompyuta iliandika *vklyuchil*, akawasha, mwanamume. Mara ikafuata "Ruslan alizima mashine", kwa mpangilio wa kawaida, bila mkazo wowote. Benedikta akasoma kwa sauti, kama atakavyosoma mjane. Katika maelezo yote hakukuwa na mwanamume mwingine aliye hai ila Ruslan. Mtu akisoma Kirusi kile angeona mtu mmoja: mdogo wake marehemu aliwasha, kisha akazima.

Mpangilio aliuweza. Kwa Kirusi, neno zito hukaa mwisho, akaandika: *A vyklyuchil yeyo Ruslan*. Aliyezima, ni Ruslan. Lakini "mwenzetu" hakumweza. Kiswahili kilisema "akawasha" kikanyamaza. Kirusi kilikuwa kinadai: mwanamume au mwanamke?

Akampigia Danford, msimamizi wake katika kampuni.

"Acha kiume, dada," Danford alisema. "Ndiyo kawaida ya kompyuta ikiwa haijui."

"Na kama si mwanamume?"

"Basi andika 'mashine iliwashwa'. Humtaji mtu."

"Shahidi amesema mtu aliwasha. Nikimwondoa nitakuwa nimebadilisha ushahidi. Waulize wateja, hao wanasheria."

Jibu la wateja lilikuja mchana: mwenzetu ni mwenzetu, fuata maandishi. Benedikta akajaribu kuendelea na kazi nyingine, ripoti ya chanjo ya mifugo, lakini kila kitenzi alichosahihisha kilikuwa na mkono ndani yake. Alipoosha vyombo alisikia mwanamke akisoma Kirusi taratibu chumba cha pili, akikwama palepale. Nyumba haikuwa na mtu.

Kesho yake akapanda gari kwenda Maswa. Alijua anavunja sheria ya kazi; mhariri hatakiwi kumtafuta shahidi. Alimpata Elizabeth sokoni, akitembeza jicho kwenye mafungu ya dagaa wa Lamadi. Benedikta alipomweleza habari ya Ruslan, yule dada akaacha kuchagua.

"Niliandika 'mwenzetu' ili kumsitiri," alisema polepole. "Sikujua litamwangukia mwingine. Twende, akuambie mwenyewe."

Wakaenda hadi kijiji cha Shishiyu, kwenye boma lenye zizi la ng'ombe na marobota mawili ya pamba ambayo hayajauzwa. Mwanamke mwembamba alitoka nje akikaza kanga. Jina lake Kwandu.

"Mwadila, mayu," Benedikta alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila." Akaleta vigoda. Elizabeth akamweleza kwa Kisukuma kilichowaleta, na Kwandu akasikiliza huku akitazama mikono yake.

"Swichi iko nyuma ya ukuta," alisema mwishowe. "Huoni mtu upande wa pili. Nilisikia 'washa', nikawasha. Kumbe wanamwambia wa mashine nyingine. Swichi haikuwa na kufuli, wala kibao cha kusema kuna mtu ndani. Hayo wakubwa nimewaambia."

Ng'ombe mmoja akakohoa zizini.

"Tangu siku ile nasikia 'washa'. Nikiteka maji nasikia. Mume wangu ameita watu wa kuagua, nimeoga dawa. Padri naye amekuja. Bado nasikia."

Benedikta akasogeza kigoda chake karibu naye.

"Mke wa marehemu anajua kwamba kuna mtu aliwasha?" Kwandu akauliza.

"Atajua akisoma."

"Atadhani ni nani?"

"Kwa ilivyoandikwa sasa, shemeji yake."

"Yule kijana aliyembeba?" Kwandu akamtazama kwa mara ya kwanza. "Alimtoa peke yake. Sisi tulikimbia." Akafuta uso na ncha ya kanga. "Kwa lugha yao, ili nionekane ni mwanamke, kinaongezwa nini?"

"Herufi moja. *Vklyuchil*, mwanamume. *Vklyuchila*, mwanamke."

"Na jina langu?"

"Jina halimo kwenye maelezo. Siwezi kuongeza lisilosemwa."

Kwandu akajaribu neno lile mdomoni, likamshinda, akajaribu tena. Kisha akasema, "Iweke."

Benedikta aliiweka akiwa amesharudi Bariadi, mchana, mlango ukiwa wazi barabarani. Pembeni akaandika maelezo kwa wateja: shahidi amethibitisha kuwa aliyewasha ni mwanamke, Kiswahili hakionyeshi jinsia, Kirusi lazima kionyeshe. Akamwambia Danford ukweli kuhusu safari. Danford akasema angewapigia wanasheria, wao wenyewe wathibitishe na Elizabeth, ili isionekane ni neno la mhariri. Walithibitisha. Tafsiri ikaenda.

Miezi ikapita kabla Danford hajaleta habari. Mjane amesoma. Ruslan anaishi nao sasa, ndiye anayewapeleka watoto shule. Mjane aliuliza swali moja tu kupitia kwa wanasheria: yule mwanamke ana watoto?

"Wamemjibu nini?" Benedikta akauliza.

"Sijui. Swali halikuja kwetu kutafsiriwa."

Benedikta bado anafanya kazi ile. Kisauti chumba cha pili kimepungua, hakijaisha. Na mara mojamoja, msimu wa pamba ukianza, simu huita, namba ya Kwandu. Wanasalimiana, wanaulizana mvua. Halafu Kwandu hukaa kimya, na Benedikta hakati simu, wote wawili wakisikiliza, hadi salio la Kwandu linapokwisha.